Shangazi anapofunua karata za mpwa wake

Mhariri,

Ninaandika hadithi fupi ya maneno kama 3,000. Shangazi mmoja huwatazamia majirani kwa karata za kawaida, zile za kuchezea. Siku moja wifi yake anamwomba atazame habari za kijana aliyemposa binti yake, yaani mpwa wa shangazi mwenyewe. Shangazi anafunua karata tatu: ree ya shupaza, tisa ya shupaza, na mfalme wa shupaza aliyeanguka kichwa chini. Anashtuka, posa inakataliwa, na katika aya ya mwisho kijana anakamatwa kwa wizi. Wenzangu waliosoma wote wanasema sehemu ya karata haiwagusi. Mmoja ameiita "ya kupangwa". Sijui kama tatizo ni karata, maana sijui vizuri zinavyotazamwa, au ni shangazi. Nianzie wapi?

Msomaji anayeandika

*

Ndugu mwandishi,

Anzia kwenye karata, kwa kuwa shangazi atanyooka mwenyewe ukishazijua.

Kwanza, mfalme hawezi kuanguka kichwa chini. Shika pakiti yoyote ya siku hizi utazame: mfalme, malkia na ghulamu wana vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini, ili mchezaji asilazimike kuigeuza karata mkononi na wenzake wakajua kuwa ameshika mojawapo ya hizo. Mtazamiaji anayetaka kutofautisha juu na chini hutia alama ndogo ya penseli kwenye kona moja ya kila karata. Ukiipenda sana hiyo kichwa chini, mpe shangazi pakiti yenye alama za penseli zilizofifia kwa kushikwashikwa. Mimi ningeiacha. Hadithi ya maneno 3,000 haina nafasi ya kumfundisha msomaji kila karata mara mbili, ikiwa wima na ikiwa imepinduka.

Pili, huyo aliyesema "ya kupangwa" alikuwa na haki kuliko alivyojua. Kutoka pakiti ya karata 52, kufunua tatu na zote zikawa shupaza hutokea kama mara moja katika 77. Kufunua hizo tatu hasa ulizozitaja ni mara moja katika 22,100. Msomaji hapigi hesabu hiyo, lakini anauhisi mkono wa mwandishi ukizichagua. Na kuna ubaya mkubwa zaidi: karata zikianguka hivyo, shangazi hana kazi. Hata mtoto aliyewahi kusikia kuwa shupaza ni mbaya angeweza kuzisoma. Mtazamiaji anahitajika pale karata zinapochanganya mema na mabaya, na hapo ndipo mhusika wako atakapopata pumzi.

Mpe pakiti ya karata 32. Ni utaratibu wa zamani katika utazamiaji: unaondoa mbili, tatu, nne, tano na sita za kila aina, unabaki na saba, nane, tisa, kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree. Mfaransa aliyejiita Etteilla alichapisha kitabu cha kutazamia kwa pakiti ya namna hiyo mwaka 1770, akaongeza karata moja tupu ya kumwakilisha anayetazamiwa. Kwako faida yake ni ya kiuandishi. Karata zikiwa chache, ileile inarudi mara kwa mara bila kushangaza, na utaona punde kwa nini unataka zirudi.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Shangazi anachagua karata ya mhusika na kuiweka peke yake juu: malkia kwa mwanamke, mfalme kwa mwanamume mtu mzima, ghulamu kwa kijana. Vitabu vya Ulaya husema aina ichaguliwe kwa rangi ya nywele na ngozi, weupe wapewe kopa na uru, weusi wapewe pau na shupaza. Kanuni hiyo haina kazi pale ambapo kila mtu ana nywele nyeusi, kwa hiyo mwache achague kwa anavyomwona mtu: malkia wa kopa kwa binti anayempenda, malkia wa pau kwa jirani mchapakazi. Uchaguzi huo tayari ni maelezo ya tabia, na umekuokolea aya nzima. Kisha mteja, wala si shangazi, anachanganya karata zilizobaki huku akilitaja swali lake, anazikata mafungu matatu kwa mkono wa kushoto, na shangazi anayarudisha pamoja. Anapanga karata saba kwa mstari kutoka kushoto. Anazisoma moja moja, halafu anarudi kuzisoma kwa jozi kutoka nje kuja ndani: ya kwanza na ya saba, ya pili na ya sita, ya tatu na ya tano. Ya nne inabaki peke yake katikati, nayo ndiyo jibu.

Angalia kuwa mteja ndiye anayechanganya. Muda huo shangazi hana la kufanya ila kutazama mikono ya mtu, na mtu mwenye wasiwasi huchanganya kwa muda mrefu mno, au huangusha karata moja, au huuliza "Inatosha?" Kazi ya shangazi inaanzia hapo, kabla hata karata moja haijafunuliwa.

Sasa hesabu moja tu, halafu tuiache. Ukiweka malkia wa kopa pembeni na kufunua saba kati ya 31 zilizobaki, utapata angalau shupaza moja karibu mara tisa kati ya kumi. Maana yake ni kwamba shangazi ameona shupaza karibu kila siku ya kazi yake. Hashtuki. Ana namna kadhaa za kuilainisha, kwa sababu jirani aliyeondoka akilia harudi wiki ijayo. Shangazi wa rasimu yako anashtuka kama mtu anayeshika karata kwa mara ya kwanza, na hilo peke yake linatosha kumfanya msomaji asimwamini.

Kuhusu maana, usinakili orodha. Watazamiaji wenyewe hawakubaliani: wengine huweka fedha kwenye uru na kazi kwenye pau, wengine huweka mali kwenye pau na kuifanya uru karata ya habari na safari. Karibu wote hukubali kuwa kopa ni mapenzi na nyumba na shupaza ni taabu, na wengi huita tisa ya kopa karata ya matakwa, ile inayosema ulichokiomba utakipata. Chagua mpango mmoja na usiuvunje. Msomaji atabeba maana nne, pengine tano. Ukimpa ya sita anaacha kuzisoma karata na kuanza kukusubiri wewe umwambie. Kwa hadithi yako ningechukua hizi: tisa ya kopa ni matakwa, ghulamu wa pau ni kijana wa kutegemewa, nane ya uru ni safari fupi, saba ya shupaza ni ugomvi mdogo. Nyingine zitakazotokea mezani zipitie kwa neno moja, au zitaje tu kwa majina.

Maana hizo lazima zifike mapema, kwa mtu mwingine, katika jambo lisilo na uzito. Fungua hadithi kwa jirani wa mlango wa pili anayetaka kujua kama mwanawe aliyeondoka kwa hasira atarudi. Saba ya shupaza inaangukia jozi moja na nane ya uru, naye shangazi anasema bila kuinua uso: "Ugomvi wa siku mbili. Umesafiri naye, utarudi umechoka." Jirani anacheka. Wifi yupo hapohapo, anapanga nguo au anasubiri kuondoka na shangazi, na anasikia. Usimwambie msomaji kuwa wifi amesikia. Mweke tu chumbani, umpe sentensi moja ya kusema kuhusu jambo jingine kabisa.

Onyesha pia shangazi anavyofanya kazi kweli, maana hapa ndipo wasomaji wengi wana udadisi. Mtazamiaji mzoefu huanza na maneno yanayomfaa kila mtu: una jambo ulilolinyamazia, kuna mtu karibu nawe asiyekuelewa, unawapa watu zaidi ya wanavyokurudishia. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini yameandikwa kwa ajili yake. Wote walikuwa wamepewa maneno yaleyale, mengi yakitoka kwenye kitabu cha unajimu. Walipoambiwa wayapime kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi yanavyowafaa, wastani ulikuwa 4.26. Shangazi hajasikia habari za Forer, lakini amelijua jambo hilo mezani. Anatupa sentensi tatu za namna hiyo, anaangalia ni ipi iliyomfanya mteja aache kuchezea kitambaa cha meza, kisha anaifuata hiyo tu. Mteja atajaza mengine mwenyewe na kwenda nyumbani akisema shangazi alijua kila kitu.

Usimfanye tapeli kwa sababu hiyo. Anaweza kuwa anaziamini karata na bado anatazama mikono. Watu wa kazi hii mara nyingi hawatenganishi mambo hayo mawili, na wewe huna haja ya kuwatenganishia.

Sasa tumfikie mpwa. Rasimu yako inakosa kitu kimoja kinachoweza kuibeba hadithi yote: shangazi hana anachokijua kabla ya kufunua. Mpe. Mezani pake watu husema mambo wasiyoyasema kwingine, kwa hiyo katikati ya hadithi weka mteja wa pili, mwanamke anayeuliza kama mwanamume fulani atarudisha fedha alizomkopesha, na kama ahadi ya ndoa aliyompa bado ipo. Hamtaji jina. Anataja kovu kwenye nyusi, au kazi yake, au namna anavyoitika simu, kitu kimoja ambacho msomaji tayari amekiona kwa mchumba wa binti. Shangazi anaendelea kupanga karata. Mwandike akipanga ya tano juu ya ya nne kwa makosa, kisha akaisogeza.

Kuanzia hapo kuna jambo analolijua na hawezi kulisema, kwa kuwa akieleza alikolipata amemuuza mteja, na majirani wote watajua kuwa meza yake inavuja. Karata ndiyo njia pekee iliyobaki. Wifi anapokuja kuuliza habari za posa, kwa shangazi huo ni mwanya wa kulitoa neno hilo bila mtu kujua limetoka wapi. Anachohitaji ni karata moja mbaya.

Wewe umnyime. Panga hivi, kutoka kushoto: ree ya kopa, saba ya shupaza, ghulamu wa pau, tisa ya kopa, kumi ya kopa, nane ya uru, kumi ya pau. Malkia wa kopa yuko juu, ni binti. Katikati pana karata ya matakwa. Jozi ya ndani ni kijana wa kutegemewa na furaha, jozi ya nje ni nyumba na mali. Katika mstari mzima kuna shupaza moja tu, tena ni ileile saba, na jozi yake ni ileile nane ya uru. Msomaji aliyefika hapa anaweza kuzisoma mwenyewe, na anajua shangazi angesema nini kama binti huyu angekuwa wa jirani. Kwa hiyo shangazi akifungua kinywa na kusema kitu kingine, huhitaji kuandika kuwa anadanganya.

Mabishano yawe mafupi. Kwa mfano:

Kidole cha shangazi kilikuwa bado juu ya karata ya pili.
"Hii inavunja nyumba, wifi."
"Saba?"
"Saba ya shupaza."
"Si ulimwambia mama wa mlango wa pili ni ugomvi wa siku mbili?"
"Hutegemea imekaa na nani."
"Imekaa na safari. Na ya kwake ilikaa na safari."
Shangazi akaziangalia karata kana kwamba zimepangwa na mtu mwingine.
"Nani kakwambia?" wifi akauliza.

Swali hilo la mwisho ndilo kilele chako, na limefika kwa sababu ya karata nzuri, jambo ambalo ree ya shupaza isingeweza kulifanya. Wifi ameacha kuuliza habari za karata. Uwongo ndio uliomwonyesha kuwa kuna jambo, na sasa anataka chanzo.

Jibu la shangazi litaamua umeandika hadithi gani. Akimtaja mteja, umeandika hadithi ya siri iliyovunjwa, na utahitaji ukurasa mwingine wa kuonyesha mwanamke yule amelipaje gharama yake. Akisema "Basi nimekosea, ni ugomvi wa siku mbili," ameilinda meza na kumwacha mpwa, na hadithi inakuwa kali kuliko zote. Lakini itabidi uonyeshe mapema kuwa anampenda huyo mpwa kwa matendo, vinginevyo msomaji atamwona mtu baridi tu. Akijibu "Karata," neno moja, wifi ataondoka akiwa na shaka asiyoweza kuipeleka popote, na posa itabaki hewani. Mimi ningechukua hili la tatu, kwa kuwa ndilo jibu ambalo shangazi amewapa watu maisha yake yote, na mara hii aliyeketi mbele yake halikubali.

Vyovyote utakavyochagua, futa aya ya kukamatwa kwa wizi. Inazipa karata ushindi, na inamfanya shangazi awe sahihi kwa bahati, si kwa alichokijua. Usithibitishe pia maneno ya mwanamke wa mkopo. Pengine ni kweli, pengine ni wivu wa aliyeachwa, pengine kovu lile ni la mtu mwingine. Ili shaka hiyo iwe ya haki kwa pande zote, mpe mchumba tendo moja jema mbele ya macho yetu, dogo, kabla ya karata: arudishe chenji iliyozidi, au amsubiri mzee amalize kusema. Ukisahau hilo, msomaji atakuwa amemhukumu kabla shangazi hajaketi, na mstari wako wa karata saba hautakuwa na kazi.

Kuna mtego mmoja katika kuandika upya. Utatamani wifi aseme "Changanya tena," na karata za pili ziwe mbaya. Watazamiaji wengi hukataa kurudia swali moja siku hiyohiyo, na shangazi wako awe na msimamo huo tangu tukio la kwanza, jirani anapoomba kurudia akakataliwa. Hapo baadaye yeye mwenyewe atakapotamani kuchanganya tena, kanuni yake itamfunga, na kumwonyesha akinyoosha mkono kuzikusanya halafu akaacha kutakutosha.

Kwa urefu ulio nao, ningetoa maneno 500 kwa jirani wa kwanza, 400 kwa mchumba na binti, 700 kwa mwanamke wa mkopo, 300 kwa siku zinazofuata ambapo shangazi anakaribia kusema na hasemi, na 900 kwa meza ya mwisho. Zinabaki 200. Usiziweke mwishoni. Zitumie katika tukio la mwanamke wa mkopo, maana ndilo utakaloliandika kwa haraka mno.

Na kabla hujaandika, toa karata 32 mezani, mpe mtu mwingine azichanganye, upange saba na uzisome kwa sauti mara tano au sita. Utaona ni wapi mkono unasita, ni karata gani unaanza kuitafuta kwa macho kabla haijafunuliwa, na inachukua muda gani kufika ya nne. Sehemu hizo ndizo za kuandika kwa sentensi ndefu. Zilizobaki zifunue haraka.